Umbo la Choo Lina Habari Kuliko Idadi

Daktari akimuuliza mgonjwa kama anapata choo, jibu huwa fupi: "Napata." Akiuliza mara ngapi, ataambiwa "kila siku", na habari inaishia hapo, kwa sababu wote wawili wanaona haya kuendelea. Lakini jibu hilo halijampa daktari kitu cha kushika. Mtu anaweza kwenda haja kubwa kila siku na bado akawa amefunga choo. Mwingine anaenda mara tatu tu kwa wiki na tumbo lake halina tatizo lolote. Kinachowatenganisha watu hawa wawili ni umbo la kinyesi chenyewe, na umbo hilo lina chati yake, yenye picha saba, ambayo mtu yeyote anaweza kujifunza kuisoma kwa dakika chache.

Inaitwa Chati ya Bristol, kwa jina la mji wa kusini-magharibi mwa Uingereza ambako daktari Ken Heaton na wenzake waliitengeneza. Mwaka 1997 Heaton na mwenzake Stephen Lewis walichapisha jaribio lililoipa chati hiyo uzito. Waliwachukua watu 66 wa kujitolea, wakawameza vipande vidogo vinavyoonekana kwenye eksirei ili kupima chakula kinachukua muda gani kutoka mdomoni hadi kutoka nje. Watu hao waliandika kila siku wameenda chooni mara ngapi na kinyesi kilikuwa na umbo gani, na kinyesi chao kilipimwa uzito. Kisha baadhi yao walipewa sena, dawa ya kulainisha choo, na baadhi loperamaidi, dawa ya kufunga kuhara, ili mwendo wa tumbo ubadilishwe kwa makusudi na vipimo virudiwe. Matokeo yalikuwa wazi. Idadi ya safari za chooni ilieleza kidogo kuhusu mwendo wa chakula tumboni, uzito wa kinyesi ukaeleza zaidi kidogo, lakini umbo ndilo lililoeleza vizuri kuliko vyote viwili.

Sababu yake iko kwenye utumbo mpana. Kila siku karibu lita moja na nusu ya majimaji hutoka kwenye utumbo mwembamba na kuingia kwenye utumbo mpana, na kazi kubwa ya utumbo mpana ni kuyafyonza maji hayo na kuyarudisha mwilini. Yanayotoka nje pamoja na kinyesi ni kiasi kidogo tu, kama robo glasi hadi glasi moja. Mabaki yakikaa humo muda mrefu, maji yanaendelea kufyonzwa, na kinyesi kinakauka, kinagawanyika na kuwa kigumu. Yakipita haraka, maji hayapati muda wa kufyonzwa, na kinyesi kinatoka kikiwa kimelegea. Kwa hiyo ukitazama umbo, unatazama muda: saa ngapi, au siku ngapi, mabaki yale yalikaa ndani.

Sasa tuipitie chati. Namba 1 ni vipande vigumu vilivyoachana, vidogo kama karanga. Wengi wetu tunakijua kama choo cha mbuzi. Kinatoka kwa kujikamua, na mara nyingi mtu anainuka akihisi bado kuna kingine ndani. Namba 2 ni vipande vilevile vigumu, ila vimeshikamana na kuwa kitu kimoja kirefu chenye manundu. Hiki ndicho kinachoumiza na kuchana njia ya haja kubwa, kwa kuwa ni kigumu na pia ni kinene. Namba 1 na 2 maana yake ni choo kigumu, mabaki yaliyokaa ndani kupita kiasi.

Namba 3 ni kirefu kama soseji, chenye nyufa juu yake. Namba 4 ni kirefu pia, laini, kisicho na nyufa, kinachotoka bila kusukumwa. Namba 5 ni vipande laini vyenye kingo zinazoonekana vizuri, vinavyotoka kwa urahisi, mara nyingi kwa mtu anayekwenda haja mara mbili au tatu kwa siku baada ya chakula. Watafiti wa magonjwa ya tumbo kwa kawaida wanahesabu 3, 4 na 5 kuwa ndani ya kawaida, na namba 4 ndiyo inayoonyesha tumbo linalokwenda kwa raha kabisa.

Namba 6 ni vipande vilivyolegea, kingo zake zimechanikachanika, karibu na uji mzito. Namba 7 ni maji matupu, bila kipande chochote kigumu. Hizi mbili ziko upande wa kuhara. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa ni kuhara mtu akipata choo cha namna hiyo mara tatu au zaidi ndani ya siku moja, au mara nyingi kuliko ilivyo kawaida yake. Choo kimoja cha namba 6 asubuhi baada ya maharage ya jana hakifikii hapo.

Usijisumbue sana ukishindwa kuamua kati ya 2 na 3, au kati ya 5 na 6. Hata waliofundishwa hutofautiana hapo. Ikiwa choo kimeanza kikiwa kigumu na kumalizika kikiwa laini, jambo linalotokea sana, andika vyote viwili. Sehemu ya mwanzo ndiyo iliyokaa muda mrefu karibu na mlango, ikapoteza maji mengi zaidi.

Wapo watakaosema chati hii inawafaa wenye choo cha kukaa tu, kwa sababu anayetumia choo cha shimo haoni kitu. Ni kweli haoni, lakini anahisi, na kuhisi kunatosha kwa sehemu kubwa. Namba 1 na 2 zinajulikana kwa muda uliochuchumaa, kwa kubana pumzi na kusukuma, na kwa maumivu wakati wa kutoka. Namba 3 na 4 zinatoka mara moja na kunawa kunakuwa kwepesi. Namba 5 na 6 zinaacha uchafu mwingi wa kusafisha. Namba 6 na 7 zinakuja kwa haraka ya kutokukawia njiani. Kwa mgonjwa au mtoto ni rahisi zaidi: anatumia poti au beseni, na anayemhudumia anaona kila kitu. Damu tu ndiyo inayoweza kupotea gizani, na kwa hiyo anayetumia choo cha shimo aangalie maji ya kunawia au karatasi.

Tuje kwenye idadi, ambayo watu wengi wanaibeba kama mzigo. Imani kwamba mtu mzima lazima apate choo mara moja kila siku, na kwamba akikosa siku moja sumu inajaa mwilini, haina msingi, na imewafanya watu wengi kunywa dawa za kuharisha ambazo hawakuzihitaji. Mwaka 1965 watafiti wa London waliwauliza wafanyakazi wa viwandani zaidi ya elfu moja pamoja na wagonjwa wa kawaida wa daktari. Karibu wote, asilimia 99, walikuwa kati ya mara tatu kwa siku na mara tatu kwa wiki, na kipimo hicho kipana ndicho madaktari wanachokitumia hadi leo. Heaton naye mwaka 1992 alichapisha uchunguzi wa watu karibu 1,900 wa Bristol ya mashariki. Mara moja kwa siku ndiyo tabia iliyojitokeza kuliko nyingine yoyote, lakini waliokuwa na mpangilio thabiti wa kila baada ya saa 24 walikuwa asilimia 40 tu ya wanaume na 33 ya wanawake.

Hizo ni hesabu za Waingereza, na wao wana mlo wao. Hapa kwetu kulikuwa na daktari mpasuaji, Denis Burkitt, Mwailandi aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, sehemu kubwa katika hospitali ya Mulago, Kampala. Yeye na wenzake walipima kinyesi na mwendo wa chakula kwa watu wa nchi mbalimbali, na mwaka 1972 walichapisha walichokiona. Wanavijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 za kinyesi kwa siku, laini, na chakula kilipita kwao kwa muda mfupi. Waingereza waliolinganishwa nao, waliokula mkate mweupe na vyakula vilivyokobolewa, walitoa karibu robo ya kiasi hicho, na mwendo wao ulikuwa wa pole zaidi. Burkitt alihusisha tofauti hiyo na makapimlo, ile sehemu ya nafaka, kunde na mboga ambayo tumbo haliisagi, inayobaki na maji na kuujaza utumbo.

Nimeleta habari hiyo kwa sababu inaeleza mabadiliko ambayo wengi wanayapata na kuyaita ugonjwa. Mtu amekulia kwenye ugali wa dona, maharage, mihogo na mchicha, akizoea choo mara mbili kwa siku, namba 4 au 5. Anahamia mjini, anakula chapati asubuhi, chipsi mchana, ugali wa sembe usiku, na anashinda kwenye kiti. Baada ya mwezi anapata choo mara moja kwa siku mbili, namba 2. Utumbo wake haujaharibika, umepungukiwa kazi. Akirudisha dona, kunde, matunda kama papai, na maji ya kutosha, akiongeza polepole kwa wiki mbili tatu ili tumbo lisijae gesi, umbo litaanza kurudi. Safari ndefu za basi hufanya vivyo hivyo kwa muda mfupi, kwa kuwa watu wanajinyima maji ili wasisumbue dereva, na wanabana haja. Mfungo wa Ramadhani nao hubadilisha saa za kwenda haja na mara nyingine hukausha choo. Wanawake wengi huona choo kikilegea siku ya kwanza au ya pili ya hedhi. Yote haya yana sababu inayoonekana, na yanaisha sababu ikiisha.

Umbo na idadi vinapogongana, lishike umbo. Tuseme mwalimu wa miaka 38 anasema anapata choo kila siku bila kukosa. Anaandika kwa wiki mbili, na kweli, ana vyoo 14 kwa siku 14. Lakini sita kati ya hivyo ni namba 1 au 2, na kila kimoja kati ya sita hivyo alikitoa kwa kujikamua. Madaktari wanaotumia vigezo vya kimataifa vya magonjwa ya tumbo huangalia kama choo kigumu kinazidi robo ya vyoo vyote. Kwake ni zaidi ya robo kwa mbali. Idadi inasema yuko sawa, umbo linasema amefunga choo, na umbo ndilo lenye haki. Kinyume chake ni yule anayelalamika kwamba anakwenda chooni mara tano kwa siku, akaandikiwa dawa ya kuhara, kumbe kila safari anatoa punje mbili za namba 1. Dawa hiyo itamzidishia tatizo lilelile.

Kuna hali moja ambamo namba 7 yenyewe inadanganya, na inawaumiza wazee na watoto. Tuseme mzee wa miaka 74 amevunjika nyonga. Yuko kitandani, anatumia tramadoli kwa maumivu, anakunywa maji kidogo kwa sababu hataki kuwasumbua watu wa kumpeleka haja. Siku nne za kwanza hapati choo kabisa. Siku ya tano anatoa vipande vitatu vya namba 1 kwa shida. Siku ya saba linaanza jambo jipya: maji ya kahawia yanamtoka mara tano, mara nyingine bila yeye kujua, na shuka zinachafuka. Binti yake anaona baba anaharisha. Anamnunulia loperamaidi duka la dawa, anamwondolea matunda na mboga, anamwachia uji mweupe na chai ya rangi. Siku ya tisa tumbo la mzee limejaa, hataki chakula, na maji bado yanatoka.

Nesi anapofika haanzi na dawa. Anauliza: "Dada, kabla ya huku kuhara, baba alipata choo lini mara ya mwisho, na kilikuwaje?" Binti anakumbuka zile punje tatu, na kabla yake siku nne tupu. Nesi anamgusa mzee tumbo upande wa kushoto chini, anahisi mabonge. Anavaa glavu, anapima kwa kidole kwenye njia ya haja kubwa, anakuta kinyesi kigumu kimeziba. Mzee haharishi. Ana kizibo cha choo kikavu, na majimaji kutoka juu yanapenya pembeni mwake. Loperamaidi ilikuwa inakaza kizibo hicho.

Angalia kilichoweza kumwonyesha binti mapema. Kuhara kulitanguliwa na siku za ukavu. Maji yalitoka kidogo kidogo na mara nyingi, wakati mwingine bila mzee kujua, badala ya kutoka kwa wingi na kwa haraka. Hapakuwa na homa, na nyumbani hakuna mwingine aliyeugua. Na palikuwa na dawa mpya. Tramadoli, kodeini na mofini zote hupunguza mwendo wa utumbo. Matibabu yanaanzia chini: dawa ya kuweka kwenye njia ya haja au enema, vikifanywa na mhudumu wa afya, kisha dawa ya kulainisha choo kwa mdomo, na daktari kuangalia upya ile ya maumivu. Kumshindilia mboga na makapi mtu aliyeziba na asiyetembea kunaweza kumwongezea mzigo juu ya kizibo. Matunda na mboga vina wakati wake, baada ya njia kufunguka.

Watoto hupatwa na jambo hilohilo, na wao wanapigwa kwa ajili yake. Mtoto wa miaka mitano aliwahi kuumia akitoa choo cha namba 2, au anaogopa choo cha shule kwa sababu kina harufu na hakina mlango. Anabana. Kinyesi kinakaa, kinakauka, sehemu ya mwisho ya utumbo inatanuka hadi haimpi tena taarifa kwamba imejaa. Kisha majimaji yanaanza kuchafua chupi yake, na watu wazima wanamwita mchafu au mvivu. Hajui kwamba yanamtoka. Mtoto aliyekwisha kujua kutumia choo, kisha akaanza kuchafua nguo mara kwa mara, apelekwe kituo cha afya, si kuchapwa. Matibabu yake ni dawa ya kulainisha choo kwa muda mrefu, mara nyingi miezi, pamoja na kumkalisha kwenye poti kwa utulivu dakika chache baada ya kula, kwa sababu chakula kikiingia tumboni utumbo mpana huamka.

Kwa watoto wachanga, chati hii weka pembeni. Ilitengenezwa kwa watu wazima. Anayenyonya maziwa ya mama pekee anaweza kutoa choo cha njano, chepesi, kila baada ya kunyonya, na hiyo si kuhara. Baada ya wiki sita hivi anaweza pia kukaa siku kadhaa bila choo, na kikija kikawa laini, basi hana tatizo. La kutokupuuza kwa mchanga ni rangi. Mtoto ambaye macho yana manjano baada ya wiki mbili tangu kuzaliwa, na choo chake ni cheupe au cha rangi ya udongo wa mfinyanzi, huenda njia ya nyongo kutoka kwenye ini imeziba. Kuna upasuaji wa kumsaidia, na unafanikiwa zaidi ukifanywa kabla hajatimiza miezi miwili. Kumwanika juani kila asubuhi ukisubiri manjano yaondoke kunapoteza wiki ambazo hana.

Kwa mtu mzima pia, chati inasema habari ya umbo tu. Haisemi rangi wala damu, na hivyo vinaweza kuwa na uzito kuliko namba yoyote. Choo cheusi, chenye kunata kama lami na harufu kali isiyo ya kawaida, kinaweza kuwa damu iliyovuja tumboni au juu zaidi na kumeng'enywa njiani. Vidonge vya madini ya chuma, kama wanavyopewa wajawazito kliniki, hugeuza choo kuwa cheusi pia, na hicho hakina madhara. Kwa hiyo kabla ya kuogopa, kumbuka unatumia nini, na usipopata sababu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Choo cheupe kwa mtu mzima, hasa pamoja na mkojo wa rangi ya chai, kinaelekeza kwenye nyongo. Namba 7 inayofanana na maji yaliyooshea mchele, inayotoka kwa wingi bila kusimama, inaweza kuwa kipindupindu, na hapo kinachohesabiwa ni saa. Anza kumnywesha maji ya ORS njiani mkimpeleka. Kuhara kwenye damu na makamasi, na homa, ni kuhara damu, kunahitaji kipimo. Na kwa wanaoishi au kuvua kando ya Ziwa Viktoria, damu kwenye choo iliyokuja na kuondoka kwa miezi inaweza kuwa kichocho cha tumbo, kinachopimwa kwa sampuli ya kinyesi na kutibiwa kwa vidonge.

Mabadiliko gani basi yanastahili kuandikwa? Linganisha na wewe mwenyewe, si na jirani. Aliyezoea namba 4 kila asubuhi tangu ujana, kisha ikawa namba 6 mara tatu kwa siku, amebadilika, hata kama mara tatu bado ni ndani ya kipimo cha wote. Siku mbili tatu za mabadiliko baada ya harusi, safari au mafua ziache zipite, ikiwa hakuna damu, homa wala kuishiwa maji. Yakifika wiki moja, chukua daftari. Andika tarehe, saa, namba ya umbo, kama ulijikamua au ulikimbia, kama kulikuwa na damu au makamasi, na pembeni andika kilichobadilika: chakula, dawa, safari, hedhi. Dawa usizisahau. Dawa ya kisukari ya metifomini hulegeza choo cha watu wengi, hasa mwanzoni, viuavijasumu navyo pia. Vidonge vya chuma huweza kukikausha. Ukurasa mmoja wa namna hiyo wa wiki mbili utamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Yakipita wiki tatu au nne bila kurudi kwenye kawaida yako, nenda na ukurasa huo kituoni, hata kama huumwi. Ikiwa umepita miaka 45, au mzazi, kaka au dada yako aliugua saratani ya utumbo mpana, usisubiri kufika huko. Na yapo ambayo hayahitaji daftari kabisa: kupungua uzito bila kujinyima, kuchoka na kuishiwa damu, kuhara kunakokuamsha usingizini usiku baada ya usiku, haja ya kwenda chooni isiyoisha hata baada ya kutoka, au tumbo lililojaa pamoja na kutapika, na hata hewa haitoki. Hili la mwisho ni la dharura, utumbo unaweza kuwa umeziba.

Nimeacha damu nyekundu ije mwisho kwa sababu ndiyo inayocheleweshwa kuliko yote. Mtu akiona damu kwenye choo, anaambiwa ni bawasiri, ananunua dawa ya kupaka au ya mitishamba, na miezi inapita. Mara nyingi kweli ni bawasiri, au mchaniko uliosababishwa na namba 2. Lakini saratani ya utumbo mpana nayo hutoa damu nyekundu, na mwanzoni haiumi. Mtu anaweza pia kuwa na bawasiri na saratani kwa pamoja, na damu haisemi imetoka kwenye ipi. Kwa hiyo ukiona damu, usikubali jina la bawasiri kutoka kwa mtu yeyote ambaye hajakupima. Mwombe mhudumu wa afya akupime kwa kidole, jambo linalochukua dakika moja, na umweleze umbo la choo chako limekuwaje tangu lini. Akikupa rufaa ya kipimo cha kamera cha utumbo, kifanye.